Mchecheto Kabla ya Kupanda Jukwaani: Kwa Nini "Tulia" Si Shauri Jema Daima

Mfikirie muuguzi mkunga wa hospitali ya mkoa ambaye, saa mbili asubuhi, atasimama mbele ya madaktari bingwa, wauguzi wenzake na wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, awasilishe kwa dakika 10 taarifa ya wodi ya wazazi ya miezi mitatu. Taarifa hiyo anaijua barabara. Ameiandaa kwa mkono wake, na hesabu zake amezirudia mara mbili kutoka kwenye rejesta. Hata hivyo, robo saa kabla ya kikao, moyo unamwenda mbio, kinywa kimekauka, vidole vimekuwa vya baridi, naye amekwisha kwenda msalani mara tatu. Wenzake wanamzunguka kwa nia njema. Mmoja anamshika bega na kumwambia, "Tulia, dada, ni kikao tu hiki." Mwingine anafungua mkoba, anatoa kidonge cha propranololi cha miligramu 40, na kumhakikishia kwamba yeye mwenyewe humeza kimoja kabla ya kila mkutano wala hakijamdhuru.

Mashauri hayo mawili yanaonekana tofauti, lakini yametoka katika dhana moja: kwamba msisimko anaouhisi muuguzi huyu ni adui wa kazi yake, na kwamba kadiri unavyopunguzwa ndivyo atakavyozungumza vizuri. Dhana hiyo imeenea mno, katika vyumba vya kubadilishia nguo vya wachezaji kama katika kumbi za mikutano ya hospitali, na makala haya yanaipinga. Katika hali nyingi za kawaida, mchecheto wa kiasi ni sehemu ya maandalizi ya mwili kwa kazi iliyo mbele. Anayeufuta wote anaweza kumpeleka mwenzake jukwaani akiwa mzito kuliko anavyopaswa kuwa, na anayeufuta kwa dawa ya kuazima anaweza kumpeleka mahali pabaya zaidi.

Inafaa kuanza na yale yanayotokea mwilini, kwa sababu mgonjwa aelewaye dalili zake huziogopa kidogo. Ubongo unapotambua kwamba jambo zito linakaribia, mfumo wa neva usiotawaliwa na hiari huamshwa, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, na si ajabu mapigo ya mtu aliyesimama tu, asiyekimbia wala kubeba kitu, yakapita 100 kwa dakika. Damu huondolewa kwenye ngozi na utumbo na kupelekwa kwenye misuli, ndiyo maana vidole hupoa na tumbo huhisi kama lina vipepeo au limefungwa fundo. Mboni za macho hupanuka. Ini huachia sukari. Mate hupungua. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni dalili ya ugonjwa. Mkimbiaji aliyeinama kwenye mstari wa kuanzia anayo yote, na kocha wake angeshtuka kama asingekuwa nayo.

Swali basi si kama msisimko upo, bali ni wa kiasi gani, na kwa kazi gani. Hapo ndipo inapoingia habari ya panya.

Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walichapisha jaribio walilolifanya kwa panya wa Kijapani waitwao panya wachezaji, ambao kwa kasoro ya sikio la ndani huzunguka-zunguka kana kwamba wanacheza ngoma. Kila panya aliwekewa visanduku viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, akajifunza kuingia kwenye cheupe. Akiingia kwenye cheusi alipigwa na umeme kidogo. Watafiti walibadili mambo mawili: nguvu ya umeme, na ugumu wa kutofautisha visanduku, ambao waliuongeza kwa kupunguza tofauti ya mwanga kati yake. Visanduku vilipotofautiana waziwazi, umeme mkali zaidi ulifanya panya wajifunze haraka zaidi. Vilipokuwa vigumu kutofautisha, mambo yalibadilika: umeme dhaifu ulifundisha polepole, umeme wa kati ulifundisha haraka kuliko wote, na umeme mkali ulirudisha mafunzo nyuma. Tena, kadiri kazi ilivyokuwa ngumu, ndivyo kiwango bora cha umeme kilivyoshuka.

Ukilichora jambo hilo kwenye karatasi, nguvu ya kichocheo ikienda kulia na ubora wa kazi ukienda juu, unapata umbo la kilima, au herufi U iliyopinduliwa. Upande wa kushoto yuko aliyelegea: hana hamu, macho mazito, mawazo yanatangatanga. Kileleni yuko aliye macho, ambaye jambo lake limemshika. Upande wa kulia yuko aliyevuka mpaka: anatetemeka, anasahau, anaharakisha. Mwaka 1955 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alichora kilima kama hicho akiweka msisimko wa ubongo mahali pa umeme, na tangu hapo mchoro huo umeingia katika vitabu vya saikolojia, vya michezo na hata vya uongozi wa biashara, mara nyingi ukiitwa sheria.

Neno "sheria" limezidishwa. Yerkes na Dodson walichunguza namna panya wanavyojifunza kwa adhabu; hawakupima wasiwasi, hawakupima hotuba, na idadi ya panya wao katika kila kundi ilikuwa ndogo mno kwa vipimo vya leo. Mtu anayemwonyesha muuguzi mchoro ule na kumwambia kwamba sayansi imethibitisha atafanya vizuri akiwa na wasiwasi wa kati, amechukua panya wachache na kuwatwisha mzigo wasioweza kuubeba. Sababu za kukiamini kile kilima zinapaswa kutafutwa mahali pengine, na zipo.

Ya kwanza iko ndani ya ubongo wenyewe. Katika shina la ubongo kuna kiini kidogo chenye rangi ya buluu, ambacho ni chanzo kikuu cha noradrenalini katika ubongo. Nyuzi zake hufika karibu kila pembe, ikiwemo sehemu ya mbele iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hushika mambo akilini kwa muda mfupi, hupanga hatua inayofuata na kuzuia neno lisilofaa lisitoke. Hiyo ndiyo sehemu anayoihitaji mtu anayehutubia. Utafiti wa Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake umeonyesha kwamba noradrenalini haifanyi kazi moja tu hapo. Ikiwa ya kiasi, hushikana na aina ya vipokezi vinavyoipenda sana, na mawasiliano ya seli za sehemu hiyo huimarika. Ikizidi, humwagikia vipokezi vya aina nyingine ambavyo huhitaji kiwango kikubwa ili kuamka, navyo hudhoofisha mawasiliano hayo hayo. Ikipungua mno, kama kwa mtu mwenye usingizi, seli hizo hazishikani vizuri pia. Kwa hiyo kemikali ile ile inayomfanya msemaji awe mwepesi wa akili ndiyo inayomfanya asahau jina la mgeni rasmi aliyelitaja dakika mbili zilizopita. Tofauti ni kipimo, na madaktari hawahitaji kufundishwa kwamba kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu.

Sababu ya pili ni kwamba kilima kinahama kulingana na kazi, na hili huonekana wazi uwanjani. Mlenga shabaha wa bastola anahitaji mkono usiotikisika. Kwake hata pigo la moyo ni tetemeko. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, mlengaji Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alivuliwa medali ya fedha na ya shaba baada ya kukutwa na propranololi, ambayo imekatazwa katika mchezo huo kwa sababu hupunguza kasi ya moyo na mtetemo wa mikono. Kilele cha kilima chake kiko karibu na utulivu. Mnyanyua vyuma, kwa upande wake, hupigwa mgongoni na kupigiwa kelele na mwalimu wake kabla ya kulikabili chuma, naye hufaidika. Kocha wa mpira anayewahutubia wachezaji kwa ukali wakati wa mapumziko huenda akawaongezea mbio na ukabaji, lakini mbinu hiyo hiyo, ikirudiwa kabla ya mikwaju ya penalti, inaweza kumsukuma mpigaji upande wa kulia wa kilima.

Penalti inastahili maneno machache zaidi, kwa kuwa inafundisha namna ya kutambua aliyekwisha kuvuka. Mtafiti wa Norwei, Geir Jordet, amechunguza kwa miaka mingi picha za mikwaju ya penalti katika mashindano makubwa. Wachezaji walio katika shinikizo zito huelekea kufanya mambo mawili: humpa kipa mgongo au kuepuka kumtazama baada ya kuweka mpira, na huukimbilia mpira mara tu refa anapopuliza filimbi, kana kwamba wanataka jambo liishe. Waliochukua muda mfupi zaidi baada ya filimbi walikosa zaidi. Haraka ile haitokani na ukosefu wa ujuzi. Ni njia ya kuikimbia hisia. Msemaji naye ana haraka yake. Husoma slaidi badala ya kuzieleza, huruka vituo, humaliza hotuba ya dakika 10 kwa dakika sita, na macho yake hayainuki kutoka kwenye karatasi. Atakayeketi nyuma ya ukumbi na saa mkononi atamtambua bila kumpima mapigo ya moyo.

Kuna pia jambo la pili linaloharibu kazi upande wa kulia, ambalo halitokani na msisimko wenyewe bali na mahali mtu anapoelekeza mawazo. Katika jaribio la Sian Beilock na wenzake la mwaka 2002, wachezaji wazoefu wa soka waliambiwa wapige chenga kati ya vikwazo huku wakifuatilia ni upande gani wa mguu unaogusa mpira. Kwa mguu wao waliouzoea, walipungua kasi. Wachezaji wageni hawakuathirika hivyo. Kwao kuufikiria mguu kulisaidia. Ujuzi ulioiva hufanya kazi vizuri ukiachwa ufanye kazi, na wasiwasi humfanya mwenye ujuzi aanze kuukagua kila hatua. Ndiyo sababu kumwambia msemaji aliyejiandaa "angalia mikono yako isitetemeke" ni shauri baya kuliko kunyamaza.

Watu pia hawafanani. Yuri Hanin, aliyefanya kazi na wanamichezo wa Kisovyeti, aliona kwamba kiwango cha wasiwasi kinachomfaa mmoja ni maangamizi kwa mwingine: wapo mabingwa walioshinda wakiwa na mchecheto mkubwa, na wapo walioshinda wakiwa kama wamelala. Alishauri kila mwanamichezo atafutiwe eneo lake kwa kukumbuka mashindano yake bora na mabaya. Hilo linawezekana kwa mkunga wetu bila chombo chochote. Akumbuke mawasilisho matatu aliyowahi kuyafanya, lipi lilikwenda vizuri na lipi lilimshinda, na ajiulize saa moja kabla ya kila moja alikuwaje. Wengi hushangaa kugundua kwamba siku waliyofanya vizuri walikuwa na moyo unaodunda.

Sasa turudi kwake pale nje ya ukumbi, zikiwa zimebaki dakika 15. Dalili zake, moyo, kinywa, vidole na msalani, hazisemi yuko upande gani wa kilima. Zinasema tu kwamba amepanda. Kinachosema ni akili yake: je, anaweza kueleza kwa sentensi mbili, bila karatasi, jambo kuu la taarifa yake? Mwenzake angemfaa zaidi kwa kumwuliza hilo kuliko kwa kumwambia atulie. Akijibu, hata kwa sauti inayotetemeka, yuko kileleni au karibu nacho, na hapaswi kuguswa. Akishindwa, akirudia neno moja, akisema "nimesahau kila kitu", amevuka, na anahitaji kurudishwa hatua chache.

Kwa aliye kileleni, utafiti unaofaa kujulikana ni wa Alison Wood Brooks wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014. Watu waliokuwa na hofu kabla ya kuimba mbele ya wengine, kutoa hotuba fupi au kufanya mtihani wa hesabu waliambiwa wajisemee ama kwamba wametulia, ama kwamba wana shauku. Waliojisemea kwamba wana shauku walifanya vizuri zaidi katika kazi zote tatu. Jambo la kuvutia ni kwamba walipoimba, mioyo yao haikupungua kasi. Kilichobadilika ni jina walilolipa lile dunda-dunda. Ni rahisi kuona sababu: hofu na shauku, kwa upande wa mwili, ni ndugu wa tumbo moja, ilhali utulivu ni ukoo mwingine kabisa. Kumtaka mtu aliye na mapigo zaidi ya 100 awe mtulivu kwa dakika tano ni kumtaka apande daraja lisilokuwepo. Asipofaulu, anaongeza wasiwasi wa pili, ule wa kushindwa kutulia. Athari zilizopimwa hazikuwa kubwa kiasi cha kumgeuza bubu kuwa msemaji, wala hazidai hivyo.

Kwa aliyevuka, kinachosaidia ni pumzi, lakini si ile inayopendekezwa mara nyingi. "Vuta pumzi ndefu" likifuatwa na mtu mwenye hofu humfanya avute nyingi na haraka, apoteze hewa ya kaboni iliyo katika damu, na baada ya dakika chache ahisi ganzi midomoni na vidoleni na kizunguzungu, jambo litakalomthibitishia kwamba anaanguka. Mkazo uwe kwenye kutoa. Avute kwa hesabu ya nne, atoe taratibu kwa hesabu ya sita, na afanye hivyo kwa dakika mbili au tatu. Hizo ni pumzi kama sita kwa dakika, na moyo hupunguza kasi kidogo kila hewa inapotoka. Kisha aelekezwe kwenye sentensi yake ya kwanza, moja tu, aliyoihifadhi neno kwa neno. Sentensi hiyo ina kazi maalumu: kwa wasemaji wengi moyo huwa kwenye kasi ya juu kabisa katika dakika ya kwanza ya kuzungumza, halafu hushuka wenyewe. Akishavuka dakika hiyo bila kukwama, mwili unamfanyia kazi iliyobaki. Anayekunywa vikombe viwili vya kahawa kabla ya kusimama anapaswa kujua kwamba anajisukuma kulia kwa makusudi, na kwamba kafeini haitoki mwilini kwa saa kadhaa.

Inapaswa kusemwa hapa kwamba mtu akishavuka mbali, njia ya kurudi si ile aliyopandia. Watafiti wa michezo Lew Hardy na John Fazey walieleza tangu miaka ya 1980 kwamba pale ambapo hofu ya akilini ni kubwa, utendaji haushuki taratibu kama mchoro unavyoonyesha, bali huporomoka kama ukingo wa mto, na kupunguza msisimko kidogo hakumrudishi mtu alipokuwa. Maelezo hayo yanalingana na yale yanayoonekana ukumbini. Msemaji aliyekwama kabisa harudi kwa kuambiwa "endelea". Anahitaji kuketi, kunywa maji, na labda kupisha mwingine azungumze kwanza.

Na kidonge? Propranololi ni dawa nzuri. Imeokoa na kuwatuliza wagonjwa wengi wa moyo, wa tezi ya shingo na wa kipandauso, na wanamuziki wa Ulaya na Marekani wameitumia kwa miongo kadhaa dhidi ya mtetemo wa mikono. Inazuia adrenalini isifike kwenye vipokezi vya moyo na misuli, hivyo mapigo na mtetemo hupungua. Haimwondolei mtu fikra ya kwamba atashindwa, wala haimfundishi taarifa asiyoijua. Mpiga fidla ambaye mkono ukitetemeka sauti inaharibika ana sababu ya kuizungumzia na daktari wake. Mkunga anayeonyesha jedwali kwenye projekta hana sababu hiyo, kwa kuwa hakuna mtu atakayeona vidole vyake.

Lakini hatari kubwa iko mahali pengine. Vipokezi hivyo vipo pia kwenye njia za hewa, ambako kazi yake ni kuzipanua. Tuseme mkunga huyu aliugua pumu utotoni, akapona, akasahau. Hakuna aliyemwuliza, maana anayegawa kidonge kutoka kwenye mkoba haulizi historia ya mgonjwa. Kidonge kinaweza kumbana kifua, naye, akiwa amekwisha kuambiwa kwamba ana wasiwasi, pamoja na wote walio karibu naye, watakuita kubanwa huko wasiwasi. Akitafuta dawa ya kuvuta ya salbutamoli, itafanya kazi kwa shida, kwa sababu inahitaji kupita mlango ule ule uliofungwa na propranololi. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, dawa hiyo huficha mapigo ya haraka na mtetemo, ambavyo ndivyo vinavyomtahadharisha kwamba sukari imeshuka. Humbakizia jasho tu, na jasho jukwaani hakuna anayelishangaa. Mwenye moyo unaopiga polepole kwa asili, au wenye hitilafu ya njia za umeme, anaweza kuzimia. Hayo yote yamo katika karatasi iliyomo ndani ya pakiti, na kidonge cha kuazima huja bila pakiti. Mtu aliyeandikiwa dawa hii na daktari kwa ugonjwa wake asiache ghafla kwa kusoma makala haya. Kuiacha ghafla nako kuna madhara yake kwa moyo. Diazepamu, ambayo wengine huichukua kwa lengo hilo hilo, ni mbaya zaidi kwa kazi ya hotuba: inamrudisha mtu upande wa kushoto wa kilima, ulimi mzito na kumbukumbu hafifu, na kwa mtumiaji wa kila mara inajenga utegemezi.

Kilima hicho hakimhusu kila mtu. Anayekataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kina mikutano, anayeomba ruhusa ya ugonjwa kila zamu yake ya kuwasilisha inapofika, anayeishi na hofu hiyo kwa miezi sita au zaidi na kuona maisha yake yakipungua upana, huyo hana mchecheto wa kawaida. Ana ugonjwa wa hofu ya kutazamwa na watu, una matibabu, na matibabu yake ya kwanza ni mazungumzo ya kitaalamu yanayomkabilisha hatua kwa hatua na anachokiogopa. Kumpa hotuba ya panya ni kumdhihaki. Vilevile, moyo unaokwenda mbio bila sababu, au unaoambatana na maumivu ya kifua, kuzimia, au kupungua uzito na kuvimba shingo, usibatizwe jina la mchecheto kabla ya kupimwa.

Linabaki jambo moja ambalo mkunga hawezi kulirekebisha peke yake, nalo ni ukumbi. Katika vikao vingi vya asubuhi, mwasilishaji mdogo hukatizwa katika dakika ile ile ya kwanza, wakati moyo wake uko juu kabisa, kwa swali linaloulizwa kwa kejeli na mtu anayelijua jibu. Wapo wakubwa wanaoamini kwamba hivyo ndivyo walivyofundwa na ndivyo vijana wanavyokomaa. Kinachotokea kwa kweli ni kwamba mtu aliyekuwa kileleni anasukumwa kulia, anaporomoka, na mara ijayo anakuja na taarifa fupi, iliyosafishwa, isiyo na kifo hata kimoja kisichoelezeka, ili asipewe nafasi ya kuulizwa. Wodi ya wazazi ndiyo inayolipa gharama hiyo. Mwenyekiti wa kikao anayeamua kwamba maswali yote yatasubiri hadi dakika ya 10, na anayemwambia mkunga mlangoni, "Dada, swali langu litahusu watoto watatu wa mwezi wa pili, jiandae," hajampunguzia mchecheto hata kidogo. Amempa mahali pa kuupeleka.